Kabla ya n = 0: kutenganisha mwitiko wa ingizo sifuri na mwitiko wa hali sifuri

Nikifundisha ishara na mifumo, swali linalorudi kila muhula ni hili: mtu amepewa mlinganyo wa tofauti na masharti ya awali, ametatua, jumla imetoka sawa, lakini akiambiwa agawe jibu katika sehemu mbili anakwama. Sehemu ya kwanza ni ile inayotokana na historia ya mfumo peke yake, yaani mwitiko wa ingizo sifuri. Ya pili inatokana na ingizo peke yake, mfumo ukiwa haukumbuki chochote, na huo ndio mwitiko wa hali sifuri. Nitachukua mlinganyo mmoja tu na kukaa nao mpaka mwisho:

```
y[n] = (5/6) y[n-1] - (1/6) y[n-2] + x[n]
```

Ingizo ni x[n] = 1 kuanzia n = 0 na kuendelea; kabla ya hapo ni sifuri. Masharti ya awali ni y[-1] = 6 na y[-2] = 6.

Tuanze na historia. Ondoa x[n] kabisa, kisha tafuta suluhisho la umbo rⁿ. Ukiliweka kwenye mlinganyo unabaki na r² - (5/6)r + 1/6 = 0, na mizizi yake ni 1/2 na 1/3. Kwa hiyo mwitiko wa ingizo sifuri ni A(1/2)ⁿ + B(1/3)ⁿ, na kilichobaki ni kupata A na B. Hapa masharti ya awali yanatumika moja kwa moja, kwenye n = -1 na n = -2 yalikotolewa. Kumbuka kwamba (1/2) kwa kipeo -1 ni 2, na (1/3) kwa kipeo -1 ni 3:

```
2A + 3B = 6
4A + 9B = 6
```

Zidisha mstari wa kwanza kwa 2, toa, unapata 3B = -6. Basi B = -2 na A = 6, na mwitiko wa ingizo sifuri ni 6(1/2)ⁿ - 2(1/3)ⁿ. Kwenye n = 0 unatoa 4. Mlinganyo wenyewe bila ingizo unasema (5/6)·6 - (1/6)·6 = 4. Umekubali.

Sasa ingizo. Sahau zile 6 mbili. Sasa y[-1] na y[-2] ni sifuri. Ingizo likiwa 1 daima, tokeo litatulia kwenye namba moja K inayotimiza K = (5/6)K - (1/6)K + 1, yaani K = 3. Ila mfumo haurukii 3 papo hapo, kwa hiyo tunaongeza mizizi ileile: 3 + C(1/2)ⁿ + D(1/3)ⁿ. Kupata C na D, tembeza mlinganyo hatua mbili kwa mkono. Kutoka sifuri, y[0] = 1, na y[1] = 5/6 + 1 = 11/6. Zinatoka C = -3 na D = 1. Mwitiko wa hali sifuri, kwa n kuanzia 0, ni 3 - 3(1/2)ⁿ + (1/3)ⁿ.

Jumla ni 3 + 3(1/2)ⁿ - (1/3)ⁿ.

Tazama kwamba mizizi 1/2 na 1/3 imejitokeza kwenye sehemu zote mbili. Wengi huamini kwamba mwitiko wa ingizo sifuri ni ile sehemu inayofifia na mwitiko wa hali sifuri ni ile 3 inayobaki. Sivyo. Ukigawa jumla kwa kutazama kinachofifia na kinachobaki, unafanya mgawanyo mwingine, ule wa mwitiko asilia na mwitiko wa kulazimishwa. Nao ni halali, ila unajibu swali tofauti. Hapa mwitiko asilia ni 3(1/2)ⁿ - (1/3)ⁿ, na ndani yake historia na ingizo vimechanganyika: 6 ya kwanza ilitoka kwenye historia, -3 ikatoka kwenye ingizo. Kutoka kwenye jumla peke yake huwezi kujua.

Mahali ambapo watu huangukia hasa ni pale masharti yanapotolewa kwenye n = 0 na n = 1. Tuseme mtihani unakupa mlinganyo uleule na ingizo lilelile, ila unasema y[0] = 5 na y[1] = 25/6. Ni mfumo wetu uleule, maana jumla yetu inatoa hizo hizo. Mwanafunzi anaziweka kwenye A(1/2)ⁿ + B(1/3)ⁿ, anapata A = 15 na B = -10, kisha anajumlisha na mwitiko wa hali sifuri. Jibu lake kwenye n = 0 ni 15 - 10 + 1 = 6. Lakini aliambiwa y[0] ni 5! Ile 1 ya ziada ni x[0], ambayo tayari ilikuwa ndani ya 5 na sasa imehesabiwa mara mbili. Thamani za n = 0 na kuendelea zimeshaguswa na ingizo, kwa hiyo hazielezi historia peke yake.

Dawa ni kurudi nyuma kwanza. Geuza mlinganyo upate thamani ya nyuma kutokana na zile za mbele yake:

```
y[n-2] = 5 y[n-1] - 6 y[n] + 6 x[n]
```

Kwa n = 1: y[-1] = 25 - 25 + 6 = 6. Kwa n = 0: y[-2] = 30 - 30 + 6 = 6. Ukishafika hapo, endelea kama tulivyofanya. Na kila ukimaliza, jaribu jumla kwenye n = 0 dhidi ya ulichopewa; kosa hili hujifichua hapo hapo.

Kwenye kompyuta kuna mtego wa aina hiyohiyo. `lfilter` ya SciPy inapokea hali ya mwanzo kupitia `zi`, lakini `zi` si y[-1] na y[-2]. Ni yaliyomo kwenye rejista za ucheleweshaji za chujio. Kwa mfumo wetu ni [4, -1], siyo [6, 6]. Kazi ya kubadilisha inafanywa na `lfiltic`:

```python
import numpy as np
from scipy.signal import lfilter, lfiltic

b, a = [1.0], [1.0, -5/6, 1/6]
x = np.ones(8)
zi = lfiltic(b, a, y=[6.0, 6.0])   # y[-1], y[-2]

y_zi, _ = lfilter(b, a, np.zeros(8), zi=zi)
y_zs = lfilter(b, a, x)
y, _ = lfilter(b, a, x, zi=zi)
```

`y_zi + y_zs` lazima ilingane na `y`, ukiacha tofauti ndogo za ukadiriaji wa desimali.

Sasa badilisha historia iwe y[-1] = y[-2] = 3. Mwitiko wa ingizo sifuri unapungua nusu, 3(1/2)ⁿ - (1/3)ⁿ, kwa sababu unafuata historia kwa uwiano. Mwitiko wa hali sifuri haubadiliki hata kidogo. Ukivijumlisha, kila kinachofifia kinafutana na unabaki na 3 kwa kila n, tangu sampuli ya kwanza. Ukitazama jumla utadhani mfumo hauna mwendo wowote ndani yake, kumbe sehemu moja inashuka na nyingine inapanda kwa kiasi kilekile.

Mfano huo una kazi halisi. Ukichuja vipimo vya kihisi cha joto kwa chujio lililoanza na sifuri, mwanzoni utaona joto linapanda wakati chumba hakijabadilika. Kupanda huko ni zile -3(1/2)ⁿ + (1/3)ⁿ za mwitiko wa hali sifuri. `lfilter_zi` inakupa hali ya mwanzo inayozifuta, ambayo kwa mfumo wetu ni [2, -0.5]. Imekokotolewa kwa ingizo la 1, kwa hiyo izidishe kwa sampuli yako ya kwanza kabla ya kuipitisha kwenye `zi`.