Skripti ya kufundisha chenga: maana yake kupitia chenga ya Cruyff

Skripti ya video ya chenga ni maandishi mafupi yanayoandaliwa kabla ya kurekodi. Kwa kila hatua yanaeleza mchezaji anafanya nini, mwalimu anasema nini na kamera inakaa wapi. Hilo la kamera wengi hulisahau.

Tuchukue chenga ya Cruyff. Tarehe 19 Juni 1974, mjini Dortmund, Uholanzi ilikuwa ikicheza na Sweden katika Kombe la Dunia. Johan Cruyff alijifanya anapiga pasi kwa mguu wa kulia, kumbe akauvuta mpira nyuma ya mguu wake wa kushoto, akageuka na kuondoka. Beki Jan Olsson akabaki anakimbilia upande usio na mpira. Mechi iliisha 0-0, lakini chenga ndiyo inayokumbukwa.

Hatua ya kwanza ni uongo: inua mguu na mkono kama unayetaka kupiga krosi. Hapa kamera ikae pale anaposimama beki, usawa wa kifua, kwa sababu uongo hupimwa na anayedanganywa. Mchezaji akiinamia mpira badala ya kutazama anakojifanya anapiga, kamera hiyo itamuumbua.

Hatua ya pili ni mguu wa kuegemea, nao ukanyage kando ya mpira, mbele yake kidogo. Weka kamera chini kabisa kwenye nyasi, ubavuni mwa mchezaji. Ukiwa juu huwezi kuiona nafasi ile ndogo kati ya kisigino na mpira, na makosa mengi huzaliwa hapo hapo: mguu ukibaki nyuma ya mpira, mpira unaovutwa utagonga kifundo chako mwenyewe.

Ya tatu kwenye karatasi inasomeka hivi:

"Kamera: nyuma ya mchezaji, usawa wa goti. Kitendo: avute mpira kwa upande wa ndani wa mguu, upite nyuma ya mguu wa kuegemea. Sauti: Uvute, usiupige!"

Kwa nini nyuma? Niliwahi kumrekodi mpwa wangu hatua zote kwa mbele. Wenzake walipoiga, nusu yao walitumia mguu usio sahihi, maana kulia kwake kulikuwa kushoto kwao kwenye skrini. Kamera ikiwa nyuma, mtazamaji na mchezaji wanatazama upande mmoja.

Hatua ya mwisho ni kugeuka na kutoka kwa miguso miwili ya haraka. Rudisha kamera mbali, ipande juu kidogo, beki naye aonekane. Hapo ndipo mtoto ataona kikomo cha chenga hii: inafaa beki akiwa mbele au ubavuni, akikimbia kuziba pasi. Akiwa mgongoni, unamvutia mpira miguuni.