"Kindly effect payment" si kosa: sheria mliyofundishwa ni nusu

Katika kila darasa la uandishi wa baruapepe ninalofundisha, ikifika zamu ya affect na effect, hujitokeza mtu akasema kwa uhakika kamili: "Mwalimu, hiyo tunaijua. Affect ni kitenzi, effect ni nomino, basi." Wenzake huitikia kwa vichwa, kwa kuwa wote walifundishwa hivyo shuleni. Sheria hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayohitajika zaidi katika ofisi zetu za Afrika Mashariki, ambako mhasibu hamalizi wiki nzima bila kuandika au kusoma maneno "Kindly effect payment".

Katika maneno hayo effect ni kitenzi, tena kitenzi halali cha Kiingereza sanifu. Maana yake ni kutekeleza jambo, kulifanya litimie. Anayeandika "Kindly effect payment" anaomba malipo yafanyike. Anayeibadilisha ikawa "Kindly affect payment", kwa sababu alikariri kwamba kitenzi ni affect, anaomba malipo yaathiriwe, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeomba hivyo.

Asili ya maneno haya mawili inaeleza tofauti yake vizuri kuliko sheria ya kukariri. Yote mawili yametokana na kitenzi cha Kilatini facere, yaani kufanya, kila moja likiwa na kiambishi chake mwanzoni. Affect ilianza na ad, chenye maana ya kuelekea, kwa hiyo ni kufanya jambo linalomwelekea mwingine na kumgusa. Effect ilianza na ex, chenye maana ya kutoka nje, kwa hiyo ni kufanya hadi kitu kitokee, kionekane kimekamilika. Affect hukigusa kitu ambacho tayari kipo, ilhali effect hukileta kitu ambacho hakikuwapo.

Mshiriki mmoja alinionyesha mfululizo wa baruapepe uliomsumbua. Alikuwa amemwandikia mgavi kumjulisha kwamba deni lililobaki lingelipwa Ijumaa. Rasimu yake ilisema: "We will effect payment of the outstanding balance on Friday." Ilikuwa sahihi kabisa. Msimamizi wake, aliyekuwa akipitia kila barua kabla haijatoka, akaisahihisha iwe "We will affect payment of the outstanding balance on Friday." Mgavi alijibu akiuliza kama kuna makato, na kama yapo, yametokana na ankara ipi. Msimamizi hakuelewa swali limetoka wapi, akaagiza ankara zote zipitiwe upya. Siku mbili zilipotea zikitafutwa tofauti ya hesabu ambayo haikuwapo, na kosa lote lilikuwa herufi moja iliyobadilishwa na mtu aliyeamini kwamba anasahihisha. Namwonea huruma zaidi yule mshiriki, kwa kuwa tangu siku ile aliamini kwamba yeye ndiye asiyejua Kiingereza.

Ushauri wangu, ambao baadhi ya walimu wenzangu hawaupendi, ni kuirudisha sentensi katika Kiswahili kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Tumeambiwa miaka mingi kwamba kufikiri kwa Kiswahili kunaharibu Kiingereza, na hiyo nayo ni dhana potofu. Katika kupanga muundo wa sentensi huenda ikawa na ukweli kidogo, lakini katika kuchagua kati ya maneno mawili yanayofanana sura, Kiswahili ni kipimo kizuri, kwa sababu kinayatenganisha pale Kiingereza kinapoyafananisha. Ukipata kuathiri, andika affect. Ukipata kutekeleza, kufanya au kuleta, andika effect. Ukipata athari au matokeo, nalo ni effect, safari hii kama nomino.

Kipimeni kwa sentensi hii, ambayo huwapa washiriki wote waitafsiri: "Customers affected by the change effected on 1 July should contact their branch." Kwa Kiswahili ni wateja walioathiriwa na badiliko lililofanywa tarehe 1 Julai. Wateja walikuwapo, wakaguswa. Badiliko halikuwapo, likaletwa. Ukibadilishana maneno hayo mawili, unapata wateja walioumbwa na badiliko. Vivyo hivyo, "The payment was effected on Monday" ina maana kwamba fedha zimetoka, na "The payment was affected on Monday" ina maana kwamba kuna kitu kiliyagusa malipo hayo, labda hitilafu ya mtandao, na hatujui kama fedha zimetoka au la. Mkaguzi wa hesabu akizisoma sentensi hizo mbili, atauliza maswali mawili tofauti.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Nomino effect haitoki daima kama athari. "With effect from 1 July" ni kuanzia tarehe 1 Julai, "take effect" ni kuanza kutumika, "personal effects" ni vitu binafsi vya mtu, na benki inayorudisha hundi kwa maelezo "effects not cleared" inasema kwamba fedha zilizowekwa katika akaunti hazijapatikana bado. Hapa sheria ya shuleni inasaidia kweli, kwa kuwa katika barua za ofisi nomino ni effect siku zote. Affect kama nomino hutumiwa na wanasaikolojia na madaktari wa akili wanapozungumzia hisia anazoonyesha mgonjwa, na mhasibu hataihitaji. Kosa la sheria ile liko upande wa vitenzi tu, nako vipo viwili.

Dhana ya pili inahusu ritifaa, ile alama iliyomo katika neno ng'ombe. Wengi wamefundishwa kwamba katika Kiingereza ritifaa ni alama ya umiliki, wakaona "the company's policy", wakahitimisha kwamba kampuni ikitajwa kwa kiwakilishi iandikwe "it's policy". Ukweli ni kwamba ritifaa huonyesha umiliki kwenye nomino, lakini viwakilishi vya umiliki havina ritifaa hata kimoja: his, hers, ours, yours, theirs, na its miongoni mwao. Neno it's halimiliki kitu. Ni ufupisho wa it is au it has, na ritifaa imesimama mahali pa herufi zilizodondoshwa, kama mshairi wetu anavyoandika n'meona badala ya nimeona ili mizani itimie.

Kiswahili kinatusaidia tena, na hapa kwa urahisi zaidi. Ukipata -ake, kwa sura yoyote, iwe yake, wake, lake au chake, andika its. Ukipata ni, au kitenzi chenye -me-, andika it's. "The bank has revised its rates" ni viwango vyake. "It's been approved" ni imeidhinishwa. "It's a public holiday" ni sikukuu. Ukiwa bado na shaka, weka his mahali pa neno hilo: sentensi ikisimama kisarufi, hata kama inachekesha kuiita benki mwanamume, unahitaji its. Kipimo hicho kina mizizi ya kihistoria, kwa kuwa Kiingereza cha kale kilitumia his kwa vitu pia, na neno its lenyewe lilianza kuonekana mwishoni mwa karne ya 16. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, chumvi ya Mathayo 5:13 inapoteza "his savour". Kwa hiyo kuna wakati Kiingereza kilisema jambo hili karibu kama sisi tunavyosema, neno moja kwa mtu na kwa kitu.

Niseme pia, kwa haki, kwamba kosa hili si letu peke yetu. Katika karne za 17 na 18 Waingereza wengi waliosoma waliandika it's kwa umiliki, na utaratibu wa leo ulitulia baadaye. Hata sasa wazawa wa lugha hiyo huyachanganya, kwa sababu maneno haya hutamkwa sawasawa kabisa. Anayewaambia wafanyakazi wake kwamba wakisikiliza Kiingereza kwa makini wataacha kukosea anawapa ushauri usio na msingi, kwani hakuna tofauti ya kusikika.

Sikio husaidia mahali pengine. Advise, ambalo ni kitenzi, huishia kwa sauti ya z. Advice, ambalo ni nomino, huishia kwa s. "Please advice", maneno yanayofunga baruapepe nyingi mno katika ofisi zetu, ni sawa na kumwandikia mtu "Tafadhali ushauri". Sahihi ni "Please advise", au vizuri zaidi sentensi kamili inayosema unachotaka kujua. Leave na live nayo hutenganishwa na sikio, lakini kwetu ni kwa shida, kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano tu na i yetu moja inabeba kazi ya sauti mbili za Kiingereza. Ndipo barua za kuomba likizo zinapofika kwa meneja zikiomba "annual live". Than na then hugongana kwa sababu ya namna hiyo hiyo: ya kwanza ni kulinganisha, kuliko, ya pili ni halafu.

Mwisho nimesikia mara nyingi kwamba hakuna haja ya haya yote, kwa sababu kompyuta ina kikagua tahajia. Kikagua tahajia cha kawaida hulinganisha neno uliloandika na orodha yake ya maneno. Affect imo, effect imo, its na it's zimo, live imo. Kikagua cha namna hiyo hakitapiga mstari mwekundu chini ya neno lililoendelezwa vizuri na kuwekwa pasipo pake. Vikagua vya sarufi hukamata baadhi ya makosa ya its, kwa sababu maneno yanayofuata huonyesha dalili, lakini "We will affect payment" ni sarufi safi, kwa hiyo mara nyingi huachwa ipite. Simu ni hatari zaidi, kwani nyingi huongeza ritifaa zenyewe mtu anapoandika its, na mwandishi hupeleka it's ambayo hakuiandika. Anayejibu baruapepe za kazi kwa simu arudi kwenye kila it's aliyoiona, aisome kwa urefu wake wote, it is au it has, na pale isiposomeka, aiondoe ritifaa kwa mkono wake.