Salio la marehemu ni la siku gani?

Baba amefariki, na benki imetupa taarifa ya akaunti yake. Je, kwenye orodha ya mali za mirathi tuandike lile salio la mwisho wa karatasi?

Hapana. Andikeni salio la siku aliyofariki. Namba iliyo chini kabisa ni ya siku karatasi ilipochapwa, na kati ya siku hizo mbili akaunti huwa haijalala. Benki haijui kwamba mteja wake amekufa mpaka iletewe cheti cha kifo, kwa hiyo hadi hapo inaendelea kupokea na kulipa kama kawaida.

Tuchukue mfano. Mtu amefariki Jumamosi tarehe 7. Mstari wa mwisho kabla ya kifo ni wa Ijumaa tarehe 6, salio 2,450,000. Jumatatu tarehe 9 yamekatwa malipo ya kadi 85,000. Jumanne hundi ya fundi, 600,000. Alhamisi tarehe 12 zimetolewa 400,000 kwenye mashine ya ATM. Tarehe 25 ikaingia pensheni ya 320,000, na tarehe 27 benki ikapewa taarifa ya kifo na kuifunga akaunti. Karatasi inaishia na 1,685,000.

Kwenye orodha, mali ni 2,450,000. Mistari minne iliyofuata haipotei, ila kila mmoja una mahali pake.

Malipo ya kadi yalifanywa na marehemu mwenyewe siku ya Ijumaa, ila yakachelewa kufika kwenye vitabu vya benki. Ndiyo maana baadhi ya taarifa zina tarehe mbili, ya muamala wenyewe na ya kuingizwa. Kilicholipwa baada ya kifo kwa jambo la kabla ya kifo huandikwa upande wa madeni. Hundi ya fundi ni vivyo hivyo, maana kazi ilikwisha fanyika na fundi alikuwa anadai. Wengi hapa hukosea kwa kuitoa kwenye salio kimyakimya na kuandika 1,850,000. Hesabu ya mwisho inatoka sawa, lakini mdai amefutika kwenye orodha, na mrithi akishika taarifa ya benki mkononi atauliza 600,000 zimekwenda wapi. Kama hundi ilikuwa zawadi tu, si malipo ya deni, usiiandike deni kabla ya kuuliza mwanasheria.

Zile 400,000 za ATM ndizo zenye ugomvi. Marehemu hakwenda mashineni siku tano baada ya kufa. Kuna mtu aliyekuwa na kadi na namba ya siri. Inawezekana kabisa zilinunua sanda na kukodi gari la msiba, na mwenye stakabadhi atahesabiwa hivyo, kama gharama za mazishi. Asiye nazo anadaiwa na mirathi. Kwa vyovyote, fedha hizo zilikuwepo tarehe 7, kwa hiyo zinabaki ndani ya 2,450,000.

Pensheni nayo, muulizeni mlipaji ni ya kipindi gani. Ikiwa ni ya siku alizokuwa hai, ni haki yake iliyochelewa na inaingia kwenye mali. Ikiwa ni ya baada ya hapo, itarudishwa, basi msiigawe.

Kuna fedha moja ambayo haionekani kabisa kwenye mstari wa tarehe 6: riba. Akaunti ya akiba hujikusanyia riba siku kwa siku, lakini mara nyingi benki huiandika mwisho wa mwezi au robo mwaka. Sehemu iliyokwisha kukusanyika hadi siku ya kifo ni mali. Msijikokotolee wenyewe; msimamizi wa mirathi aombe barua ya benki inayotaja salio na riba hadi tarehe ya kifo, kwa akaunti zote za marehemu zilizo kwa jina lake au kwa pamoja na mwingine. Barua hiyo na taarifa ya akaunti vikipishana, mara nyingi chanzo ni muamala kama ule wa kadi.

Mkiwa benki, ombeni pia taarifa ya miezi 12 kurudi nyuma, si mwezi mmoja. Miezi mitatu haitawaonyesha malipo ya mara moja kwa mwaka, na hayo ndiyo hufichua mengi. Ada ya bima inaashiria fidia ya kudai. Gawio lililoingia linasema kuna hisa mahali fulani. Makato ya kila mwezi yenye kiasi kilekile huenda ni mkopo, na uhamisho kwenda akaunti msiyoijua huenda ni akiba yake ya pili. Kama wiki ya mwisho alitoa fedha nyingi taslimu, angalieni kwanza mkoba wake na kabati: noti zilizobaki humo nazo ni mali za mirathi, na zina mstari wake kwenye orodha.