Rafiki Akikuvumishia Jambo: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Nilikuwa mweka hazina wa chama cha wanawake kumi huku Majengo, Mombasa. Kila Alhamisi kila mmoja wetu alitoa shilingi 1,000, na zile 10,000 zikaenda kwa yule ambaye zamu yake imefika. Jumamosi moja asubuhi, nikiwa sokoni Kongowea nachagua nyanya, dada mmoja tunayefahamiana alinivuta kando akaniambia kuwa inasemwa nimekula pesa za chama nikalipia kodi ya nyumba, na kwamba aliyeitoa habari hiyo ni shoga yangu, yule ninayekaa naye barazani kila jioni. Nilihisi miguu inaniishia nguvu. Dhana ninazozieleza hapa zote nilikuwa nazo asubuhi ile.

Dhana: Ukishaletewa habari, umejua rafiki yako alisema nini.

Ukweli ni kwamba ulicholetewa ni neno lililokwisha kupita midomo kadhaa. Mwaka 1947 wanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza majaribio ambayo mtu anayeitazama picha alimsimulia mwenzake asiyeiona, naye akamsimulia wa tatu, hivyo hivyo hadi mwisho wa msururu. Baada ya midomo mitano au sita, takriban asilimia 70 ya maelezo ilikuwa imepotea, na machache yaliyosalia yakakuzwa na kupindwa yafanane na yale ambayo watu walikuwa wakiyatarajia.

Hayo ndiyo yaliyonitokea. Alhamisi ile malipo yalichelewa hadi saa tatu usiku kwa sababu wanachama wawili hawakuwa wamenitumia mchango wao, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimemlalamikia shoga yangu kwamba mwenye nyumba ameongeza kodi. Yeye alipoulizwa sababu ya kuchelewa alijibu, "Huenda kodi imembana." Hilo lilikuwa kosa, na sitamtetea, lakini habari ilipofika Kongowea lile neno "huenda" lilikuwa limekwisha kudondoka njiani, na mahali pake pamekaa "amekula".

Kwa hiyo wa kwanza kuulizwa ni mleta habari, wala si rafiki: ulikuwepo mwenyewe, au uliambiwa na nani, na maneno yenyewe yalikuwa yapi? Asiyekuwepo hana ushahidi, hata akiapa. Kwa Waislamu wa mji wetu hili si geni, kwani aya ya 6 ya Sura Al-Hujurat inaamuru habari ichunguzwe kabla ya kuchukuliwa hatua, watu wasije wakadhuriwa kwa kutojua. Nasikitika kila nionapo msemo wa "lisemwalo lipo" ukifanywa hati ya kumhukumu mtu.

Dhana: Hasira ikitolewa papo hapo, moyo hupoa.

Nilishaishika simu nimtumie ujumbe wa sauti. Laiti ningeutuma, ungesambazwa kabla ya adhuhuri, na watu wangekuwa na sauti yangu mwenyewe ya kusimulia. Isitoshe, dhana hii imepimwa ikaonekana si kweli. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman alichapisha jaribio la wanafunzi 600 wa chuo waliokasirishwa makusudi. Waliopiga gunia la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira zaidi kuliko wale walioketi kimya kwa dakika mbili tu.

Kinachoiwasha hasira ni kule kulirudia jambo kichwani, na kupiga kelele ni kulirudia kwa sauti. Mimi niliimaliza shughuli ya soko, nikarudi nyumbani, nikaandika katika daftari yale niliyoambiwa na aliyeniambia, neno kwa neno, kisha sikumjadili shoga yangu na mtu yeyote hadi kesho yake. Siku moja inatosha kwa kawaida. Ukingoja wiki tatu, utakuwa umekwisha kumjengea kesi nzima moyoni, na uvumi nao utakuwa umezoeleka.

Dhana: Mkabili mbele ya mashahidi ili asiweze kukana.

Mtu akikabiliwa mbele za watu huitetea heshima yake kwanza, na ukweli huja baadaye, kama utakuja. Aliyebanwa mbele ya kikundi hukana hata lile ambalo angelikiri akiwa peke yake, na akishakana hadharani hana tena njia ya kurudi.

Nilimwendea Jumapili baada ya alasiri, akiwa peke yake akipepeta mchele uani. Nilimwambia, "Shoga, kuna neno nimelisikia, nami nimeona nije kwako mwenyewe kabla sijaliamini. Nimeambiwa umesema pesa za chama nimelipia kodi. Ulisemaje hasa?" Kisha nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu ulimi hutaka kuongeza "baada ya yote niliyokufanyia", na neno hilo likitoka mazungumzo hugeuka kuwa ya wema na fadhila, uvumi ukaachwa pembeni.

Aliiweka ungo chini. Alianza kwa kusema watu wamemzulia, halafu akasema, "Nilisema huenda. Sikusema umekula." Sikubishana naye juu ya tofauti hiyo. Nilimwambia kwamba neno lake limenifanya nionekane mwizi, kisha nikamwomba jambo moja linaloweza kutendeka: awaendee wale wawili aliowaambia, awaeleze kuwa yeye alikuwa akikisia tu, na kwamba malipo yalichelewa kwa kuwa michango haikutimia. Ombi la "uniombe radhi" ni jepesi kutimiza na halirekebishi chochote masikioni mwa waliosikia. Angekana kabisa ningeondoka bila kumlazimisha, kwa kuwa hata anayekana huwa amekwisha kujua kuwa habari zimefika, na mara nyingi hilo humzuia asiendelee.

Dhana: Uvumi huuawa kwa kuukanusha mbele ya kila mtu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1977 ulionyesha kwamba kauli ikirudiwarudiwa watu huiona ya kweli zaidi, iwe ya kweli au ya uongo. Mtu anayeandika katika kundi la simu lenye watu 80 kwamba "mimi sikula pesa" anawafundisha uvumi huo wale 70 ambao hawakuwa na habari. Sahihisha kwa waliosikia, na utangulize ukweli wenyewe. Mimi niliandika katika kundi la chama pekee: "Malipo ya Alhamisi yalitumwa saa tatu usiku baada ya michango miwili ya mwisho kuingia," nikaambatisha taarifa ya M-Pesa. Neno kula, kuiba wala kodi sikulitaja.

Dhana: Kuwa mtulivu ni kusamehe yote na kuacha haki yako.

Utulivu ni namna ya kuzungumza, nao hauamui kama urafiki utaendelea. Uvumi unaotishia ajira yako au usalama wako usiishie kwenye mazungumzo ya wawili: mwajiri au wazee wa mtaa waelezwe mapema, na ujumbe na tarehe zihifadhiwe. Nchini Kenya kesi ya kuchafuliwa jina hufunguliwa katika miezi 12, kwa hiyo anayefikiria njia hiyo amwone wakili mapema.

Shoga yangu aliwaendea wale wawili, na mmoja wao alinipigia mwenyewe kuniambia. Bado tunakaa barazani jioni, tunanywa kahawa, tunacheka. Siku hizi taarifa ya malipo naituma kwenye kundi kila Alhamisi bila kuulizwa, na habari za kodi yangu simwambii.