Benki Kuu Inaponunua Hati Fungani, na Inapoziacha Ziive

Katika semina za uwekezaji ambazo taasisi yetu huziendesha kwa wanachama wa vyama vya msingi vya ushirika mkoani Mtwara, kwa kawaida minada ya korosho ikishamalizika na malipo yakishaingia kwenye akaunti, mazungumzo kuhusu hati fungani za Serikali huzaa swali jingine. Mzee mmoja wa Newala aliliweka hivi: "Mwanangu, tunasikia Wamarekani walichapisha matrilioni ya dola wakanunua madeni ya serikali yao wenyewe. Sisi huku kinatuzuia nini?"

Swali lake lina kosa moja dogo, nalo ndilo linalofaa kuanza nalo, kwa sababu manunuzi hayo hayakulipwa kwa noti mpya. Tuchukulie mfuko wa pensheni wa Marekani unamiliki hati fungani za dola milioni 100. Benki Kuu ya nchi hiyo huzinunua katika soko la upili, pale wenye hati wanapouziana wao kwa wao, kupitia mawakala wakuu, si moja kwa moja kutoka Hazina. Siku ya malipo, hati zinahamia kwenye mizania ya Benki Kuu, yaani orodha ya mali na madeni yake. Benki ya biashara inayotunza akaunti ya mfuko inaongezewa dola milioni 100 katika akaunti yake iliyoko Benki Kuu, nayo kwa upande wake inaandika kiasi hicho hicho kwenye akaunti ya mfuko. Fedha zimezaliwa kwa maandishi ya vitabuni tu. Zile zinazokaa katika akaunti za benki za biashara huko Benki Kuu huitwa akiba za benki, na hizo haziwezi kutoka nje zikanunue unga sokoni.

Mkulima anayepeleka korosho ghalani akapewa stakabadhi hajatajirika siku hiyo. Mali yake imebadilika umbo. Mfuko wetu nao uko hivyo hivyo, isipokuwa sasa umebaki na salio lisilolipa riba ya maana, ilhali una wastaafu wa kuwalipa kwa miaka 20 ijayo. Meneja wake hawezi kukaa kimya. Atatafuta hati nyingine ya muda mrefu, au dhamana ya kampuni, au hisa, na aliyemuuzia naye atabaki na salio lile lile na shida ile ile. Msukumano huo ndio unaopandisha bei.

Hesabu yake inafanyika hata kwa kalamu. Chukua hati fungani ya miaka 10 yenye thamani ya shilingi 1,000,000 inayolipa asilimia 10, na ili tusichoshane tuseme riba hulipwa mara moja kwa mwaka. Wanunuzi wakiwa wengi hata wakaridhika na faida ya asilimia 8, bei ya hati hiyo hupanda hadi takribani shilingi 1,134,000. Wakiadimika, wakadai asilimia 12, hushuka hadi takribani shilingi 887,000, ingawa malipo ya kila mwaka yamebaki shilingi 100,000 vilevile. Hisa nayo hufuata kanuni hiyo: hisa inayotarajiwa kutoa gawio la shilingi 100 kila mwaka bila kukoma ina thamani ya shilingi 1,000 kwa anayetaka faida ya asilimia 10, na shilingi 1,250 kwa anayeridhika na asilimia 8, hata kama kampuni haikuuza bidhaa moja zaidi.

Huo ndio upanuzi wa mizania, ambao msomaji huuona kwenye skrini za habari kwa kifupisho QE. Mizania ya Benki Kuu ya Marekani, iliyokuwa chini ya dola trilioni 1 kabla ya msukosuko wa 2008, ilifika takribani trilioni 4.5 mwishoni mwa 2014 na kukaribia trilioni 9 mwaka 2022.

Kinyume chake, yaani upunguzaji wa mizania au QT, watu wengi hudhani ni benki kuu kuzitupa hati zake sokoni. Benki Kuu ya Uingereza kweli huuza baadhi, lakini Marekani kwa sehemu kubwa ilichagua kuziacha ziive, yaani muda wake ufike mwisho. Hati inapoiva, Hazina humlipa mwenye hati, ambaye hapa ni Benki Kuu, na Benki Kuu ikikataa kuwekeza upya, fedha hizo zinafutika. Hazina, isiyo na ziada, hutoa hati mpya. Safari hii mnunuzi ni mfuko au benki ya kawaida, na malipo yake yanapunguza akiba zilizoko kwenye mfumo. Soko sasa linapaswa kubeba deni ambalo zamani lilibebwa na mwingine, na mbebaji mpya hudai faida kubwa zaidi.

Ugumu uko katika kujua pa kusimama, na hapa naomba nikae kidogo. Marekani ilianza kupunguza mizania yake kwa mara ya kwanza Oktoba 2017. Akiba za benki, zilizofikia takribani dola trilioni 2.8 mwaka 2014, zilikuwa zimeshuka chini ya trilioni 1.4 ilipofika Septemba 2019. Kwa macho ya kawaida hicho bado ni kisima kilichojaa. Lakini tarehe 16 mwezi huo kampuni zilikuwa zinalipa kodi, na papo hapo wanunuzi walikuwa wanalipia hati mpya za Hazina. Fedha zote hizo ziliingia kwenye akaunti ya Hazina iliyoko Benki Kuu na kutoka mikononi mwa benki za biashara. Benki zilizobaki na akiba zikazishikilia. Kesho yake riba ya mikopo ya usiku mmoja inayodhaminiwa kwa hati fungani, ambayo kwa kawaida ilikuwa kidogo juu ya asilimia 2, iligusa karibu asilimia 10. Benki Kuu ililazimika kumwaga mabilioni sokoni kuanzia siku hiyo, na mwezi uliofuata ikarudi kununua dhamana za muda mfupi.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama kisima kimekaribia tope asitazame ukubwa wa mizania. Alinganishe riba ya mikopo hiyo ya usiku mmoja na riba ambayo Benki Kuu huzilipa akiba za benki. Ya kwanza ikianza kuizidi ya pili mara kwa mara, hasa mwisho wa mwezi na siku za kodi, akiba zimeanza kuwa haba.

Nionye pia kuhusu wachoraji wa grafu wanaobandika mstari wa mizania juu ya mstari wa hisa na kudai kimoja ni kivuli cha kingine. Upunguzaji wa pili ulianza Juni 2022. Mwaka huo fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani iitwayo S&P 500 ilishuka kwa takribani asilimia 19, lakini mwaka 2023, huku mizania ikizidi kupungua, ikapanda kwa takribani asilimia 24. Faida za kampuni na matarajio ya riba vilikuwa na sauti kubwa zaidi. Isitoshe, mifuko ya soko la fedha, ambayo huwekeza kwa muda mfupi, ilikuwa imeegesha zaidi ya dola trilioni 2 Benki Kuu kwa mikataba ya usiku mmoja, na ni fedha hizo zilizotoka kwanza kununua hati mpya, hivyo kwa muda mrefu akiba za benki hazikuguswa sana.

Nilimjibu mzee kwamba Wamarekani walifika huko baada ya riba yao rasmi kushushwa karibu na sifuri Desemba 2008, wakawa hawana pa kuishusha tena. Benki Kuu ya Tanzania, inayotumia riba yake rasmi kuongoza sera tangu Januari 2024, bado ina nafasi ya kuipandisha na kuishusha. Alitikisa kichwa, akauliza: "Na hizo fedha za mifuko zilizoegeshwa Benki Kuu zilipokwisha?" Zilikwisha mwaka 2025. Riba ya usiku mmoja ikaanza tena kuizidi ile inayolipwa kwa akiba, na tarehe 1 Desemba mwaka huo upunguzaji ukasimamishwa, mizania ikiwa takribani dola trilioni 6.5.