Gari ikiwa ya moto haiwaki? Thamostati iache mahali pake

Mwezi huu gari ya tatu hii naletewa imeng'olewa thamostati, na kisa ni kilekile. Asubuhi inawaka kwa kugusa tu, barabarani inakwenda vizuri, ila ukizima dakika ishirini ukarudi, unapiga starta mpaka mkono unachoka. Fundi wa kwanza akisikia "ikiwa ya moto haiwaki" kwake moto ni moto tu, injini inachemka, toa thamostati. Jamani! Geji ya joto iko katikati, maji ya redieta hayajapungua hata tone, sasa imechemka wapi?

Kinachochemka ni petroli. Ukizima gari pampu ya maji inasimama na hewa haipiti tena chini ya boneti, ila chuma cha injini bado kina joto lake, kwa hiyo huko ndani joto linapanda BAADA ya kuzima. Reli ya nozeli, lile bomba linalozigawia nozeli petroli, iko hapohapo juu inaokwa. Na petroli sio maji, sehemu yake nyepesi kwenye nyuzi 40 hivi inaanza kuwa mvuke kama haina presha ya kuikandamiza. Presha iliyobaki kwenye laini ndio inaishikilia, ikivuja tu reli inajaa mvuke na nozeli zinapuliza upepo.

Ndio maana ukizima dakika mbili inawaka, ishirini inagoma, masaa matatu inawaka tena, maana reli imeshapoa. Asubuhi hata presha ikiwa sifuri hakuna mvuke, pampu inajaza laini mara moja na hujui kama kuna ugonjwa. Ukitoa thamostati ndio kwanza injini haifikii joto lake, kontroboksi inadhani bado baridi inazidisha mafuta, na kuwaka haiwaki vilevile.

Sasa hii ya juzi. Probox injini ya 1NZ, bwana mmoja analeta machungwa kutoka Muheza, akisimama Pongwe kidogo tu gari inamgomea. Kashabadilishiwa plagi, thamostati imetupwa. Nikafunga geji ya mafuta yenye koki katikati ya laini na reli. Ikiunguruma inasoma bar 3 na kidogo, safi kabisa, na hapa ndipo wengi wanaposema pampu nzima wanafunga boneti. Subiri! Zima halafu angalia. Toyota nyingi za namna hii zinatakiwa baada ya dakika 5 zibaki na bar 1.5 hivi au zaidi, hii dakika ya tatu mshale umeshalala.

Nikawasha tena, nikazima na papo hapo nikafunga koki upande wa tanki. Mshale ukatulia. Maana yake nozeli hazivuji, mafuta yanarudi tankini. Ingeendelea kushuka na koki imefungwa, ningezitafuta nozeli. Tafadhali usibane ule mpira mgumu wa plastiki kwa plaizi, utaupasua.

Ila nikiri kitu, kupungua kwa presha peke yake hakutoshi kuhukumu, nimepima gari zinazomwaga presha yote na wenyewe hawajawahi kulalamika. Kwa hiyo sikufungua tanki mpaka ilipogoma mbele yangu na geji iko sifuri.

Kuna ujanja wa kufungua swichi mara tatu bila kupiga starta ili pampu ijaze. Unasaidia kwa gari ambazo pampu yake inanguruma ukifungua swichi, Toyota nyingi pampu haizunguki mpaka starta izunguke, kwa hiyo gari isipobadilika usiseme presha haina kosa.

Kama inanuka petroli ni kesi nyingine, imelowa. Kanyaga akseleta mpaka chini huku unapiga starta, kontroboksi inakata mafuta, ikiwaka kwa kukohoa basi ama nozeli inavuja ama sensa ya joto la maji inadanganya. Hiyo sensa iangalie kwenye mashine ya kusomea kontroboksi, injini ya moto halafu `Coolant Temp` inasoma 30, umemaliza. Sensa ya kranki nayo hufa ikipata joto, lakini hapo `Engine Speed` inabaki 0 wakati starta inazunguka, na mara nyingi gari itakuzimikia hata njiani. Probox ilikuwa inasoma vizuri zote mbili.

Nikatoa pampu tankini. Kabla sijafungua sikujua kama ni vali ya pampu inayozuia mafuta yasirudi au regileta, maana zote ziko mle na geji haizitenganishi. Haikuwa hata moja, ni oringi ndogo kwenye shingo ya pampu imekauka na kupasuka. Nikaweka mpya ya petroli, ile ya bomba la maji itavimba. Baada ya dakika 20 geji ilikuwa juu ya bar 2, starta mara moja ikawaka.

Bwana wa machungwa akalipa kacheka, maana thamostati ya kurudishia ilimgharimu kuliko oringi.