Chila ya pili huwashwa bure: dhana potofu kuhusu delta T ndogo

Mwezi wa Oktoba, Tabora ikiwa imekauka na mvua za Novemba bado zinasubiriwa, fundi wa zamu katika jengo linalopozwa kwa maji baridi anaweza kuona jambo hili kwenye skrini: chila moja, yaani mashine ya kupoza maji, inafanya kazi, maji yanayokwenda jengoni yamepanda hadi nyuzi 8.2 badala ya 7, na watu wa ghorofa ya juu wamekwisha kupiga simu kulalamika joto. Anawasha chila ya pili, maji yanarudi kwenye nyuzi 7, malalamiko yanapungua, na kila mtu anaamini kwamba mzigo wa jengo ulikuwa umeishinda chila moja. Data ya mtambo huohuo, ikisomwa kwa utulivu, mara nyingi husema vingine.

Delta T ni tofauti kati ya joto la maji yanayorudi kutoka jengoni na joto la maji yanayokwenda. Tuchukue mfano wa mtambo wenye chila mbili, kila moja ikiwa na uwezo wa kilowati 350 na pampu yake ya mwendo usiobadilika inayopitisha lita 14 kwa sekunde. Mtambo huo ulisanifiwa maji yatoke na nyuzi 7 na kurudi na nyuzi 13, yaani delta T ya 6. Upande wa jengo una pampu zake zinazobadilisha mwendo kufuata mahitaji, na kati ya pande hizo mbili kuna bomba fupi la baipasi linaloruhusu maji kupita upande wowote. Bomba hilo ndilo kiini cha habari yote hii, ingawa katika mitambo mingi halina hata kipimajoto.

Dhana: chila imezidiwa, ndiyo maana maji yanakwenda na joto.

Hesabu ya mzigo ni nyepesi: kilowati ni 4.19 mara lita kwa sekunde mara delta T. Saa nane mchana skrini inaonyesha kwamba chila inatoa maji ya nyuzi 7.0, jengo linapokea maji ya 8.2 na kurudisha ya 11.0, na mita ya upande wa jengo inasoma lita 20 kwa sekunde. Mzigo wa jengo basi ni 4.19 × 20 × 2.8, yaani takriban kilowati 235. Chila iliyodhaniwa kuzidiwa inabeba theluthi mbili tu ya uwezo wake, na inatoa maji ya nyuzi 7 kama ilivyoagizwa.

Kilichozidi ni maji, wala si joto. Jengo linavuta lita 20 wakati pampu ya chila inapitisha 14, na lita 6 zinazopungua haziwezi kutoka popote ila kwenye maji yanayorudi, ambayo hupita kwenye baipasi kinyumenyume na kuchanganyika na maji baridi. Hata mahali pasipo na mita ya maji, vipimajoto vitatu vinatosha kujua sehemu ya maji iliyojirudia:

```
x = (Tjengo - Tchila) / (Trudi - Tchila)
x = (8.2 - 7.0) / (11.0 - 7.0) = 0.30
```

Asilimia 30 ya lita 20 ni lita 6, sawasawa na hesabu ya kwanza. Ubaya wa hali hii ni kwamba hujilisha yenyewe: koili, yaani mabomba ya mashine za hewa ambamo maji baridi hupoza hewa, zikipata maji ya nyuzi 8.2 hushindwa kuipoza ipasavyo, vali zake hufunguka zaidi, jengo huvuta maji mengi zaidi, na baipasi hurudisha mengi zaidi.

Chila ya pili ikiwashwa, mtiririko wa upande wa chila hufika lita 28, baipasi hugeuka kuelekea upande wake wa kawaida, na maji ya jengo hushuka hadi 7. Tatizo limefichwa, halijatibiwa. Chila mbili sasa zinagawana mzigo uleule, kila moja kama theluthi ya uwezo wake, na pampu ya ziada inazungusha maji ambayo sehemu yake haifiki hata jengoni. Bili ya umeme itasema yaliyobaki.

Dhana: mzigo ukiwa mdogo, delta T lazima iwe ndogo.

Hii ndiyo dhana inayozuia watu kutafuta chanzo, kwa sababu inaonekana kuwa na mantiki. Ni kweli kwa mashine ya hewa yenye vali ya njia tatu, ambayo hupitisha maji yaleyale kila wakati, ama ndani ya koili ama pembeni yake. Hapo mzigo ukipungua nusu, delta T nayo hupungua nusu. Lakini vali ya njia mbili hupunguza maji mzigo unapopungua. Maji machache yanayopita polepole ndani ya koili hukaa na hewa muda mrefu zaidi na hutoka yakiwa na joto zaidi, hivyo delta T ya koili nzima inayodhibitiwa vizuri hubaki palepale au hupanda kidogo, mpaka mtiririko uwe mdogo sana. Kwa hiyo, katika jengo lenye vali za njia mbili, delta T inayoporomoka kila mzigo unapopungua ni dalili ya kwamba kuna maji yanayopita bila kazi.

Upo mpaka unaofaa kutajwa. Maji hayawezi kutoka kwenye koili yakiwa na joto kuliko hewa inayoingia. Asubuhi za Juni na Julai, mashine inayovuta hewa nyingi ya nje itakuwa na delta T ndogo bila kosa la mtu yeyote, na data ya saa hizo haifai kutumiwa kuwa ushahidi.

Dhana: ghorofa ikilalamika joto, shusha kiwango cha joto la hewa.

Kama ningelazimika kutaja sababu moja tu, ningetaja hii. Mashine ya hewa ilisanifiwa kutoa hewa ya nyuzi 14. Mtu anashusha kiwango hicho hadi 11 wakati wa joto kali, kisha anasahau. Koili haiwezi kufikia 11 hata kidogo, hasa ikiwa inapokea maji ya 8.2, lakini kidhibiti hakijui hilo. Kinaifungua vali asilimia 100 na kuiacha hivyo kutwa nzima. Maji hupita kwa kasi kuliko koili inavyoweza kuyatumia na kurudi karibu yakiwa baridi kama yalivyokwenda.

Kushusha joto la maji ya chila ni jambo jingine, na watu hulichanganya na hili. Maji baridi zaidi huziwezesha koili kutimiza kazi kwa maji machache, kwa hiyo delta T huongezeka kweli. Ila chila hutumia umeme zaidi kwa kila nyuzi inayoshushwa, na vali iliyokwama itaendelea kukwama. Inafaa kwa siku chache huku chanzo kikitafutwa.

Sababu nyingine zinatenda kwa njia hiyohiyo: chochote kinachoizuia koili kupoza hewa huifanya vali ifunguke zaidi. Vumbi la kiangazi cha Tabora kwenye chujio na mapezi ya koili ni mfano wa wazi. Mwinuko nao una neno lake. Mji uko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Feni koili iliyochaguliwa kwa jedwali la Dar es Salaam inasukuma ujazo uleule wenye uzito mdogo, chumba hakifikii joto lililoagizwa, na vali haifungi.

Dhana: bila vifaa maalumu huwezi kumpata mhusika.

Data ya kawaida ya kila dakika 15 kwa wiki moja inatosha kuanza. Kabla ya lolote, thibitisha vipimajoto. Delta T ikiwa 2.8, kosa la nusu nyuzi kwenye kila kipimajoto, kwa pande zinazopingana, linaweza kuionyesha kuwa 1.8 au 3.8. Tumbukiza vyote kwenye chombo kimoja cha maji na uone kama vinakubaliana. Kisha linganisha mzigo uliokokotolewa upande wa jengo na ule wa upande wa chila. Katika mfano wetu chila inatoa 4.19 × 14 × 4.0, nayo ni kilowati 235, kwa hiyo pande mbili zinakutana. Zisipokutana, usiendelee na uchunguzi. Tengeneza vipimo kwanza.

Hatua inayofuata ni kutazama usiku. Mashine za hewa zikiwa zimezimwa, mita bado inasoma lita 4 kwa sekunde na delta T ni 0.8 tu. Hayo ni maji yanayopita kwenye vali za njia tatu, vali ambazo mota zake zimeshindwa kuzifunga dhidi ya presha ya pampu, au baipasi ya mwisho wa laini iliyoachwa wazi wakati wa kusafisha mabomba.

Halafu rudi mchana na uorodheshe mashine ambazo vali zake zimekaa asilimia 100 kwa saa nyingi huku hewa ikiwa haijafika kiwango kilichowekwa. Tuseme ghorofa ya tatu inajitokeza: imeagizwa 11, inatoa 13.6. Funga vali yake ya mkono na usome mita ndani ya dakika chache za kwanza, kabla joto la maji ya jengo lote halijabadilika. Mtiririko ukishuka kutoka lita 20 hadi 14.5, mashine hiyo moja ilikuwa inakula lita 5.5. Vipimo vya mabomba yake vinaonyesha maji yakiingia na 8.2 na kutoka na 10.3, yaani kilowati 48 tu kwa maji yote hayo.

Fungua vali ya mkono, rudisha kiwango kwenye nyuzi 14, na vali ya koili itajibana yenyewe. Ikitulia kwenye lita 1.9, mashine moja imerudisha lita 3.6, na jengo sasa linavuta 16.4. Lita zile za usiku zikifuatwa moja baada ya nyingine, kwa kufunga mikono ya pembeni ya vali za njia tatu lakini kuacha mmoja wazi ili pampu isikose mtiririko wa chini kabisa, na zikapungua lita 3 nyingine, jengo linafika 13.4. Hapo limeshuka chini ya lita 14 za chila moja, baipasi inaacha kurudisha maji nyuma, na jengo linapokea nyuzi 7 kamili.

Kwa mzigo wa kilowati 235, delta T mpya ni kama 4.2. Haijafika 6 ya usanifu, na huenda isifike mpaka koili zisafishwe, lakini chila ya pili inaweza kubaki imezimwa.